Kimya baada ya jina la tano

Wanafunzi wangu watatu waliniletea ukurasa mmoja na nusu. Kichwa chake kilikuwa "Tambiko la Taa na Umuhimu Wake katika Familia", na sentensi ya mwisho ilisema kwamba ada hiyo inaleta umoja, inadumisha heshima na inawaunganisha walio hai na waliotangulia. Hakukuwa na uongo ndani yake. Lakini ungefuta neno "taa", ukaweka "harusi" au "mazishi", na insha ingesimama vilevile bila kuguswa mahali pengine popote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mhojini mzee mmoja kuhusu ada moja ya familia yake, nukuuni mahojiano, kisha mwandike kurasa nne kuhusu maana ya ada hiyo. Kundi lilikuwa la watoto wa miaka 14 na 15: mjukuu wa bibi aliyehojiwa, msichana mmoja na mvulana mmoja. Nasimulia walivyotoka kwenye ule ukurasa mmoja na nusu hadi walipofika, kwa sababu njia waliyopita inaonyesha mahali ambapo kazi za namna hii huharibika bila mtu kujua. Bibi ameniruhusu kusimulia kwa masharti yake: nisitaje jina, nisitaje mahali, na nisitaje chanzo cha ugomvi nitakaoufikia mbele. Ada yenyewe naweza kuieleza.

Mara moja kila mwaka ukoo wa bibi hukutana nyumbani kwake. Jua likikaribia kuzama, taa ya mafuta huwashwa. Viti hupangwa duara. Aliye mkubwa kuliko wote, ambaye sasa ni bibi mwenyewe, hutaja majina ya waliofariki, mmoja baada ya mwingine, kwa mfuatano wa vifo vyao. Kwa sasa ni majina 11. Kila jina likitajwa, mtoto mdogo kuliko wote aliyejua kusema huitikia: "Tupo." Majina yakiisha, watu hula, huzungumza, hulala.

Hivyo ndivyo walivyoipata katika mahojiano ya kwanza, yaliyochukua dakika 40. Nilipowaomba wanisikilizishe rekodi, nilielewa haraka kwa nini insha ilitoka nyembamba.

Aliyeuliza maswali alikuwa mjukuu. Ilionekana busara: bibi anampenda, atamwambia mengi. Lakini bibi alikuwa anazungumza na mtu aliyekaa katika duara lile kila mwaka tangu azaliwe. Kila alipofika mahali penye utamu alisema, "kama unavyojua", akaendelea. Tulihesabu katika unukuzi: mara 14. Kila "kama unavyojua" ni mlango ambao mzee ameufunga kwa adabu, kwa kuwa si kawaida kumweleza mtu jambo analolijua. Mjukuu naye hakuweza kuuliza taa inawekwa wapi; angeonekana mpumbavu, au mbaya zaidi, angeonekana anamfanyia bibi yake mzaha.

La pili lilikuwa maswali yenyewe. Kulikuwa na swali moja lililobeba insha nzima: "Bibi, je, ada hii inaleta umoja katika familia?" Bibi akajibu, "Ndiyo, inaleta." Neno "umoja" lilitoka kinywani mwa muulizaji, likapita kwa mzee, likarudi kwenye karatasi likiwa limevaa nguo za ushahidi. Nimewahi kufanya kosa hilo mwenyewe na sikuligundua mpaka niliposikiliza sauti yangu kwenye rekodi. Kipimo chake ni rahisi: chukua kila neno zito katika hitimisho lako, kisha urudi kwenye unukuzi uone ni nani aliyelitamka kwanza.

Na waliuliza moja kwa moja, "Maana ya ada hii ni nini?" Bibi akasema, "Ni heshima kwa wazee wetu." Jibu la kweli, ila ndilo jibu ambalo mtu yeyote humpa mgeni mlangoni.

Niliwasimulia habari ya Victor Turner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wandembu, kaskazini-magharibi mwa Zambia, miaka ya 1950. Katika sherehe ya kumtoa mwali, msichana hulazwa chini ya mti wa mudyi, mti unaotoa utomvu mweupe kama maziwa. Turner alipouliza maana ya mti ule, aliambiwa ni maziwa ya mama, ni kifungo cha mama na mtoto, ni umoja wa wanawake. Lakini alipotazama yanayofanyika, aliona mama wa mwali hakubaliwi kuingia katika mduara wa wanawake wanaocheza kuuzunguka mti huo. Maneno yalisema mama na mtoto ni kitu kimoja. Vitendo vilikuwa vinawatenganisha. Turner hakusema Wandembu walimdanganya. Alisema maana ina tabaka: yale watu wanayosema, yale wanayotenda, na namna ishara moja inavyokaa na nyingine.

Nikawauliza, ninyi mmeleta tabaka gani? Walitazamana. Walikuwa na maneno ya bibi tu, na hata hayo walikuwa wameyapiga pasi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililogeuza kazi nzima, na sikulifanya mimi. Unukuzi wao wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili safi cha darasani. Vikohozi viliondolewa, maneno yaliyorudiwa yaliondolewa, sentensi zilizokatika zilimaliziwa kwa niaba ya bibi. Niliwaambia waanze upya kutoka kwenye rekodi, waandike kilichosikika, na kila kimya kinachozidi sekunde 3 wakiandike ndani ya mabano pamoja na urefu wake. Walinung'unika, na haki yao. Saa moja ya mazungumzo humla mtu anayeanza kunukuu saa 5 au 6, pengine zaidi. Walizigawa dakika 40 kwa zamu.

Msichana ndiye aliyepata sehemu ambapo bibi aliwaonyesha jinsi majina yanavyotajwa. Baada ya jina la tano alidhani simu imekata. Akarudisha nyuma. Rekodi ilikuwa inaendelea. Kuku walisikika nje, na mtu alisogeza kiti. Bibi alikuwa amenyamaza tu. Kisha akataja jina la sita na kuendelea hadi la 11 bila kusita tena. Msichana akaandika: (kimya, sekunde 9).

Katika unukuzi wa kwanza mahali hapo palikuwa na alama ya mkato.

Mvulana alisema bibi alisahau. Inawezekana, mzee wa miaka mingi anaweza kupotewa na jina. Msichana alisema si kusahau, maana aliyesahau husema "nani huyu…" au hurudia jina lililopita ili kujikumbusha, na bibi hakufanya hivyo. Mjukuu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Hata siku yenyewe huwa anafanya hivyo. Mimi nilidhani anapumua." Nilipomuuliza watu wengine hufanya nini wakati huo, alifikiri kidogo. "Wanaangalia chini."

Kwa hiyo walirudi kwa mahojiano ya pili, na safari hii tulijiandaa tofauti. Mjukuu akaachia kiti cha muulizaji, akawa mwangalizi wa rekodi: simu katika hali ya ndege, imewekwa juu ya kitambaa ili meza isigonge, hatua fupi kutoka kinywani mwa bibi. Mvulana, ambaye hakujua lolote kuhusu nyumba ile, akawa muulizaji. Swali la maana lilipigwa marufuku kabisa. Walikwenda na maswali ya mikono na miguu: nani anashika nini, anasimama wapi, nini hufuata, mara ya mwisho nani alikosea na aliambiwa nini.

Swali hilo la kukosea ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa watu hawaelezi kanuni mpaka ivunjwe. Nanukuu kipande hicho kama kilivyo katika unukuzi wao, ila majina nimeyaacha.

"Taa inawekwa wapi, bibi? Juu ya meza?"

"Aa, mezani hapana. Mlangoni. Pale kwenye kizingiti, upande wa ndani."

"Na anayeizima ni nani?"

"Haizimwi."

"Haizimwi kabisa?"

"Inajizimia yenyewe, mafuta yakiisha. Mwaka mmoja mtoto wa… mtoto wa huyu aliizima. Alikuwa mdogo, alidhani anasaidia. (kimya, sekunde 4) Niliiwasha tena. Usiku wa manane niliamka nikaiwasha."

"Na mlango unafungwa?"

"Unarudishwa tu. Komeo halitiwi."

Katika mahojiano ya kwanza sehemu hii yote ilikuwa ni maneno mawili: "halafu tunalala".

Sasa mtu yeyote anaweza kuona kwamba kuna jambo. Taa ya kuwakumbuka marehemu haihitaji kukaa kizingitini, wala marehemu hawahitaji mlango usiotiwa komeo. Taa ya mlangoni inayoachwa iwake usiku kucha ni ya mtu anayerudi kwa miguu. Mvulana aliliona hilo palepale, na hapa nampongeza kwa dhati, kwa sababu hakulisema. Aliomba tu bibi ataje majina kwa mara nyingine, "ili tuhakikishe tahajia". Kimya kikaja tena baada ya jina la tano. Sekunde 11. Kusahau hakurudi mahali palepale mara mbili.

Akauliza: "Hapo baada ya jina la tano, bibi, huwa unafanya nini?"

Ilikuwa dakika ya 31. Bibi alimtazama mjukuu wake, si muulizaji. Kisha akaeleza. Alikuwa na kaka aliyeondoka nyumbani baada ya ugomvi na baba yao, akasema hatarudi, na hakurudi. Hakuna barua iliyofika, wala habari ya kifo. Kumtaja miongoni mwa marehemu kungekuwa kumzika akiwa hai. Kumruka kungekuwa kumkana. Mama yao ndiye aliyeanza kunyamaza mahali pale, na mama alipofariki na kuwa jina la nane, bibi akakirithi kimya kile pamoja na orodha.

Kisha akasema, "Hayo ni ya humu ndani."

Mjukuu alinyosha mkono kwenye simu. "Nizime, bibi?"

"Iache. Lakini jina lake msiliandike."

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye majibizano hayo, kwa sababu ridhaa ya mhojiwa mara nyingi huchukuliwa kuwa karatasi inayotiwa saini mwanzoni halafu ikasahaulika. Bibi alikuwa ameridhia kwa sauti katika rekodi ya kwanza, na ridhaa ile ilikuwa halali. Lakini aliitoa kwa ajili ya simulizi ya taa, wakati mwenyewe hajajua kwamba ataulizwa kuhusu kimya. Jambo jipya lilihitaji ridhaa mpya, na ikaja kwa vipande: sauti ibaki, jina lisiandikwe. Watoto waliokwenda na fomu peke yake wangeona wameshapewa ruhusa ya kila kitu.

Waliporudi darasani walikuwa na furaha ya wapelelezi, na furaha hiyo ikazaa tatizo lingine. Katika mahojiano yote mawili bibi alisema ada hii ilianza "tangu babu wa babu". Lakini kwa hesabu yao haikuwezekana. Majina yanafuata mfuatano wa vifo, kwa hiyo mahali pa kimya panaonyesha wakati. Bibi hakumbuki miaka, na hawakumlazimisha aikumbuke. Walimuuliza kwa matukio ya maisha yake. Wa tano alifariki kabla bibi hajaolewa. Wa sita alifariki mtoto wake wa kwanza akiwa anatambaa. Kaka aliondoka katikati ya matukio hayo mawili. Taa ya mlangoni, basi, ni kitu cha umri wa bibi mwenyewe, si cha babu wa babu. Mvulana alishaandika katika rasimu: "Hapa bibi alikosea."

Niliwaomba kabla ya kusema hivyo watafute mtu wa pili. Mjukuu akampigia simu mdogo wake bibi, anayeishi mbali. Hawakumtajia walichosikia; waliuliza tu ada ilikuwaje walipokuwa watoto. Akasema majina yalikuwa yakitajwa tangu anapata akili, na yeye ndiye aliyekuwa akiitikia "Tupo". Lakini taa, alisema, ilikuwa mezani, ili anayetaja aone nyuso za watu. "Ilihamia mlangoni baadaye."

Kwa hiyo bibi hakukosea, wala hesabu haikukosea. Kuna ada ya zamani, ya majina, na ndani yake imeshonwa ada mpya, ya mlango. Bibi huzisimulia kama kitu kimoja, na hilo lenyewe lilihitaji maelezo. Nikawapa kisa cha pili, cha Italia. Mwaka 1949 katika mji wa Terni, kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi katika maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Alessandro Portelli, mtafiti wa historia simulizi, alipowahoji wafanyakazi miaka mingi baadaye, wengi walisema aliuawa mwaka 1953, wakati wa mapambano ya kupinga watu kuachishwa kazi kwa maelfu. Portelli angeweza kusahihisha tarehe akaendelea na safari. Badala yake aliuliza kwa nini kumbukumbu imekihamisha kifo, akaona kwamba watu walikipeleka pale kinapoweza kubeba uzito wake: katika vita vya ajira yao wenyewe.

Msichana ndiye aliyeliunganisha na bibi. Aliandika katika rasimu: "Kama taa ya mlangoni ni ya tangu babu wa babu, basi hakuna anayeweza kuuliza ni ya nani." Sikuwa nimelifikiria hilo. Kuipa desturi umri mkubwa ni njia ya kuifunika, na familia nzima imeshiriki kuifunika: watu wazima wanaotazama chini wanajua, watoto wanadhani bibi anapumua.

Lakini hayo ni maoni ya msichana, hayakusemwa na bibi, na kwenye uandishi hapo ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine. Rasimu ya pili ilikuwa imechanganya kila kitu: "Taa huwekwa mlangoni ili kumwita kaka aliyepotea." Nani alisema "kumwita"? Hakuna. Bibi alieleza kimya, hakueleza taa. Nilipowarudisha kwenye unukuzi waligundua kwamba hakuna mahali aliposema taa ni ya kaka yake. Ni wao waliounganisha kizingiti, komeo na maneno ya mdogo wake bibi. Muunganisho ulikuwa mzuri, na mimi nauamini, ila ulipaswa kuvaa jina lao. Wakagawa sentensi zao kwa vitenzi. Walichokiona au kueleziwa kikaandikwa kwa "huwekwa", "hutajwa", "haizimwi". Alichokisema bibi kikaandikwa kwa "anasema", pamoja na dakika ya rekodi. Walichofikiri wao kikaandikwa kwa "tunadhani", pamoja na sababu. Rasimu ya tatu ilisomeka hivi mahali hapo: "Bibi hasemi taa ni ya nani. Tunadhani ni ya yule asiyetajwa, kwa sababu ilihama kutoka mezani kwenda mlangoni baada ya yeye kuondoka, na kwa sababu mlango hautiwi komeo usiku huo peke yake."

Jambo moja lilibaki. Mjukuu hakutaka kabisa habari ya kaka iandikwe, hata bila jina. Alihisi ameiuza nyumba yao. Wenzake walisema bibi ameshakubali. Nilikataa kuamua. Bibi alikatalia jina, hakusema lolote kuhusu darasa kusoma, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuisikia insha kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakaenda mara ya tatu, bila kinasa sauti, msichana akamsomea kurasa zote nne kwa sauti, polepole.

Bibi alisahihisha mambo mawili wakati wa kusomewa. La kwanza ni kichwa. "Tambiko ni jambo lingine," alisema. "Sisi tunaita kuketi." Kwa miezi miwili watoto walikuwa wakitumia neno ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulitumia, na kwa bahati mbaya ndilo nililoliandika mimi ubaoni siku ya kwanza. La pili, alitaka sentensi ya ugomvi ifupishwe, ibaki "aliondoka". Kuhusu mengine alisema darasa lisome. Rekodi ya dakika ya 31 hadi ya 38 ilikatwa kwenye nakala ya shule; rekodi kamili anayo yeye, kwenye simu ya mjukuu wake.

Walipokuwa wanaaga, aliwaita warudi.

"Mmeandika nanyamaza sekunde tisa."

"Ndiyo, bibi. Tulipima."

"Siku hiyo niliharakisha," akasema. "Kwa sababu mlikuwa mnaangalia saa."